Neno la Bingwa na Neno la Shahidi: Korti Hupimaje?

Mtu akihudhuria korti ya Kitui, au ile ya Wote katika Makueni, siku inaposikilizwa kesi ya mirathi, huenda akaona jambo la kumshangaza. Kwanza atapanda kizimbani mzee wa kijiji, asiyejua kusoma, naye ataeleza kwa lugha ya Kikamba yale aliyoyaona kwa macho yake. Baada yake atapanda bwana kutoka Nairobi, mwenye vyeti na picha zilizokuzwa, ambaye hakumjua marehemu wala hakukanyaga boma lake. Bwana huyu atasema kwamba sahihi iliyo katika wosia si ya marehemu. Mzee amesema aliiona sahihi hiyo ikitiwa. Je, jaji atamwamini nani?

Watu wengi hudhani kwamba jawabu ni jepesi: mwenye elimu atamshinda asiye na elimu. Sivyo ilivyo sheria ya Kenya, na yafaa wasomaji waelewe kwa nini, maana kesi za namna hii zimewagharimu watu fedha nyingi kwa sababu ya dhana hiyo.

Desturi ya korti ni kwamba shahidi husema aliyoyaona, aliyoyasikia au aliyoyatenda mwenyewe. Haruhusiwi kusema anavyodhani. Kukata shauri ni kazi ya jaji. Lakini yako mambo ambayo jaji hawezi kuyajua kwa akili ya kawaida tu. Ndiyo sababu Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, iliyoanza kutumika Desemba 1963, inaruhusu katika kifungu cha 48 kwamba mtu mwenye ujuzi maalumu atoe maoni yake juu ya mambo ya sayansi au ufundi, sheria za nchi za kigeni, mwandiko, na alama za vidole. Huyu ndiye bingwa. Neno lake huitwa maoni, nalo ni msaada kwa jaji.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba katika habari ya mwandiko bingwa si peke yake mwenye ruhusa ya kutoa maoni. Kifungu cha 50 chasema kwamba mtu aliyeuzoea mwandiko wa mwenzake, kwa kuwa alimwona akiandika, au alipokea barua zake, au karatasi zake zilipita mikononi mwake katika kazi ya kila siku, naye aweza kusema kama mwandiko ni wa mtu huyo au sivyo. Karani wa chama cha ushirika aliyemwona mkulima akitia sahihi kila msimu kwa miaka kumi ni shahidi halali wa mwandiko, ijapokuwa hana cheti hata kimoja.

Sasa na tutazame kazi ya bingwa wa mwandiko ilivyo, maana asiyeijua hawezi kuipima. Bingwa hupewa hati inayobishaniwa, pamoja na sahihi nyingine ambazo pande zote zakubali kuwa ni za mhusika. Huzitazama kwa kioo cha kukuzia na kwa taa za namna mbalimbali. Hatazami umbo la herufi tu, maana mghushi hodari huiga umbo vizuri sana. Hutazama mwendo wa kalamu: je, mstari ulikwenda upesi na kwa wepesi, au ulikwenda polepole kwa kusitasita? Kalamu iliinuliwa wapi? Ilikandamizwa wapi? Mtu aliyezoea sahihi yake huitia bila kufikiri. Aiigaye huichora, na mchoro huacha dalili zake.

Lakini kazi hiyo ina mipaka yake. Hakuna mtu atiaye sahihi mbili zilizo sawa kabisa, kwa hiyo bingwa huhitaji mifano mingi ili aone jinsi mwandiko wa mtu huyo unavyobadilika kwa kawaida. Mifano hiyo yapasa iwe ya wakati ulio karibu na tarehe ya hati, kwa kuwa uzee na maradhi huubadilisha mkono. Tena yafaa atazame hati yenyewe. Akipewa nakala ya mashine tu, hawezi kuona vizuri mkandamizo wa kalamu, wala alama za penseli zilizofunikwa kwa wino.

Kanuni ya kupima maoni ya bingwa ilielezwa waziwazi na Mahakama ya Rufani ya Kenya mwaka 1996, katika kesi ya mirathi ambayo mawakili huiita kwa kifupi Ndolo na Ndolo. Humo ulikuwamo ubishi juu ya wosia, na mabingwa walikuwa wametoa maoni yao. Majaji walisema kwamba maoni hayo yastahili kufikiriwa kwa uangalifu, lakini yapimwe pamoja na ushahidi mwingine wote uliomo katika kesi. Ni wajibu wa jaji kuamua kama anamwamini bingwa au hamwamini, na kutoa sababu. Hawezi kusema tu kwamba kwa kuwa asemaye ni bingwa, basi anasadiki.

Ili msomaji aone kanuni hiyo ikitenda kazi, na tuchukue mfano tulioutunga wenyewe. Mzee mmoja wa upande wa Kibwezi amefariki, ameacha wosia wa mwaka 2016 unaompa mwanawe wa mwisho sehemu kubwa ya shamba. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, yataka wosia wa maandishi ushuhudiwe na watu wawili au zaidi. Wosia huu ulishuhudiwa na mwalimu mstaafu na mzee wa mtaa, ambao hawapati kitu chochote katika urithi huo. Wana wakubwa wanasema sahihi ni ya kughushi, nao wamemleta bingwa anayekubaliana nao.

Mwana aliyeuleta wosia ndiye wa kwanza kuthibitisha kwamba ulitiwa sahihi kama sheria inavyotaka. Nao wanaodai kwamba umeghushiwa wana mzigo wao. Tangu mwaka 1957, katika kesi ya Patel na Makanji, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikwisha kusema kwamba madai ya hila na udanganyifu hutaka uthibitisho mzito zaidi kuliko ule wa kesi ya madai ya kawaida, ijapokuwa haufikii ule wa kesi ya jinai.

Bingwa anasema kwamba alitazama sahihi nne za marehemu, na kwamba ile ya wosia ina mitetemo na imekatikakatika, hali zile nne zina mistari laini. Kwa hiyo, kwa maoni yake, mkono si mmoja. Wakili wa upande wa pili anamwuliza maswali matatu tu. Sahihi hizo nne ni za miaka gani? Ni za miaka ya 1980. Alipewa na nani? Na wana wakubwa wenyewe. Je, aliambiwa kwamba tangu 2014 marehemu alikuwa na maradhi ya kutetemeka mikono? Hakuambiwa.

Hapo jaji ataona kwamba bingwa hakusema uongo. Alipewa msingi usiotosha, akajenga juu yake. Mitetemo aliyoihesabu kuwa dalili ya mghushi yaweza kuwa dalili ya ugonjwa. Kisha jaji atawageukia mashahidi wawili. Mwalimu anaeleza kwamba mzee alikuwa na akili timamu, aliegemea meza, akashika kalamu kwa taabu, na akapumzika kabla ya kumaliza jina lake. Mzee wa mtaa anasema vivyo hivyo. Wanatofautiana kama ilikuwa asubuhi au adhuhuri, lakini katika lile jambo lenyewe wanapatana. Tofauti ndogo za namna hiyo hazivunji ushahidi. Pengine huonyesha kwamba hawakufundishana maneno. Jaji akiwasadiki, ana haki kuyaweka kando maoni ya bingwa, mradi aandike sababu zake.

Lakini na tuigeuze kesi hiyo. Tuseme bingwa amepewa wosia wenyewe, pamoja na sahihi kumi za miaka 2015 na 2016, kutoka benki na kutoka ofisi ya chifu, nazo zote zina ile mitetemo ya ugonjwa. Katika wosia peke yake mstari hautetemeki hivyo. Tena chini ya wino pana alama ya penseli inayofuata umbo la jina, naye anamwonyesha jaji alama hiyo katika picha iliyokuzwa. Upande wa pili, shahidi mmoja anasema wosia ulitiwa sahihi nyumbani Kibwezi. Mwenziwe anasema ulitiwa sahihi hospitalini Makindu. Hapo neno la bingwa litashinda. Halishindi kwa ajili ya vyeti vyake. Linashinda kwa kuwa jaji anaiona sababu kwa macho yake mwenyewe, na kwa kuwa mashahidi wameanguka wenyewe.

Msomaji ataona kwamba katika kesi zote mbili jaji aliuliza maswali yale yale. Je, mtu huyu ana ujuzi wa jambo hili hasa? Je, mambo aliyopewa kuyatazama ni ya kweli na yanatosha? Je, ameeleza sababu zinazomfikisha kwenye maoni yake, au ametoa maoni matupu? Na mwisho, maoni hayo yanapatana na ushahidi mwingine unaosadikika? Kifungu cha 54 cha sheria ile ile kinaruhusu sababu za maoni zichunguzwe kortini. Bingwa asiyeweza kueleza sababu humwachia jaji kitu kidogo sana cha kushika.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba bingwa hulipwa na upande uliomwita, lakini wajibu wake ni kwa korti. Akianza kumtetea aliyemlipa, kama kwamba yeye ni wakili, uzito wa neno lake hupungua.

Zamani nzama ya wazee wa Ukamba, iliposhindwa kuchagua kati ya maneno mawili, iliweza kuwaapisha watu kwa kithitu, na ukweli ukaachiwa kiapo. Jaji wa leo hana mahali pa kuuachia. Yampasa apime mwenyewe, na aandike kwa nini mizani imeelemea upande mmoja. Basi anayekwenda kortini kubishana juu ya sahihi, kabla ya kumlipa bingwa, na ahakikishe kwamba hati yenyewe ipo, na atafute sahihi za marehemu za miaka ile ile, hata zile zisizompendeza. Tena asimsahau yule jirani aliyekuwapo siku hiyo. Jirani huyo hana kioo cha kukuzia, lakini pengine ndiye aliyeona mkono wenyewe ukiandika.