Maji Mapya Ndiyo Yanayomaliza Rejeta

Madereva wengi wa pwani hutembea na dumu la maji garini. Rejeta ikipungua wanaongeza, safari inaendelea. Maji hayo mara nyingi yametoka kisimani, na visima vingi vya pwani vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, ambao sehemu yake kubwa ni chokaa. Mvua inapopenya ardhini hubeba gesi ya kaboni dayoksaidi, na maji yenye gesi hiyo huyeyusha chokaa. Ukiyachemsha, gesi hutoka na chokaa hurudi kuwa gumba jeupe, lile lile linaloganda ndani ya birika na hita ya bafuni.

Ndani ya injini gumba huganda penye joto kali zaidi, yaani kwenye silinda hedi. Chokaa hupitisha joto vibaya mno kuliko chuma, kwa hiyo hedi inaweza kuungua huku geji ya maji ikionyesha hali ya kawaida.

Sasa tupige hesabu. Chukua rejeta na injini zinazobeba lita 8, na maji yenye miligramu 300 za chokaa kwa lita. Ukijaza mara moja, chokaa yote haizidi gramu 2.4, na ikishaganda hakuna nyingine ya kuongezeka. Lakini kukiwa na tundu dogo linalokulazimu kuongeza nusu lita kila siku, kwa siku 300 umeingiza lita 150, zenye gramu 45. Sehemu hudondoka pamoja na maji, lakini yanayopotea kama mvuke huacha chokaa yote ndani.

Kutu nayo hufuata njia hiyo hiyo. Maji mapya huja na oksijeni, chuma huila na kuwa kutu. Mfumo usiovuja huimaliza oksijeni yake, na kutu hupungua sana. Ndiyo maana maji ya mvua, ingawa hayana chokaa, si dawa: yana oksijeni, yana asidi kidogo, na hayana kinga yoyote.

Kwa hiyo naanza na kuvuja kabla ya kemikali. Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua mfuniko. Ukoko mweupe mdomoni ni chokaa. Maji ya rangi ya matofali ni kutu. Tafuta panapovuja: mipira, pampu, mfuniko wenyewe. Kisha jaza kulanti iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kama si ile iliyochanganywa tayari kiwandani, ichanganye nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa, yale ya kuongezea betri, si asidi yake. Kulanti ina dawa zinazofunika chuma na alumini, lakini huisha nguvu, hivyo ibadilishe kwa muda ulioandikwa. Usichanganye aina mbili. Nyingine zikikutana huganda kama uji.

Gumba likishakuwa nene, asidi ya kusafishia hubandua vipande vinavyoziba mirija, na wakati mwingine hufungua matundu yaliyokuwa yamezibwa na gumba lenyewe. Hapo fundi huangalia kama rejeta bado inafaa kuoshwa au inatakiwa nyingine.