Kuikopesha serikali kwa mwaka, au kwa miaka 25

Mwezi Aprili 2021 Benki Kuu ya Tanzania iliuza kwa mara ya kwanza hatifungani ya serikali ya miaka 25, yenye riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Aliyenunua ya shilingi milioni 10 huingiziwa shilingi 797,500 kila baada ya miezi sita. Mwaka uliofuata riba ya hatifungani mpya za muda huo ikashushwa hadi asilimia 12.56. Kwa milioni 10 zilezile, aliyenunua mwaka huo hupata 628,000.

Wa kwanza hakupunguziwa hata senti, kwa kuwa riba hufungwa siku ya kununua. Zaidi ya hapo, karatasi yake ilipanda bei: alipotaka kuiuza wakati huo kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam, mnunuzi alikuwa radhi kutoa zaidi ya shilingi 100 kwa kila 100 iliyoandikwa, maana kipato kama hicho hakikupatikana tena kwenye mnada.

Mambo yangeweza kwenda kinyume. Riba mpya zikipanda, mwenye hatifungani ya zamani anayebanwa na ada au matibabu atalazimika kuiuza kwa hasara, na huenda akamsubiri mnunuzi kwa muda. Anayesubiri hadi mwisho hurudishiwa fedha zake zote, lakini miaka 25 ni mingi, na bei za vitu hazimsubiri.

Ndiyo maana anayetoka kwenye akaunti ya akiba heri aanze na dhamana za muda mfupi. Hizi ni za siku 35, 91, 182 au 364, na kiwango cha chini ni shilingi 500,000. Hazina riba ya kila nusu mwaka. Faida imo kwenye punguzo la bei. Tuseme bei ya mnada ni 93 kwa kila 100: mtu analipa 930,000, na siku ya 364 anapokea milioni moja. Hiyo 70,000, kabla ya makato, ni kama asilimia 7.5 ya alichotoa.

Hakuna haja ya kwenda Benki Kuu. Benki ya biashara au dalali wa soko la hisa aliyeidhinishwa humfungulia akaunti ya dhamana, kisha humpelekea zabuni. Aulize mapema ada zao, kwani kwa mtaji mdogo zinaweza kula sehemu kubwa ya faida.

Je, serikali inaweza kushindwa kulipa? Ni nadra, ila Ghana ilifika huko Desemba 2022, ikawataka wenye hatifungani zake za ndani wazibadilishe kwa nyingine za muda mrefu na riba ndogo. Wastaafu waliandamana hadi wizara ya fedha. Dhamana za muda mfupi hazikuguswa.