Insha Iliyotumwa Bila Swali

Walimu wa Kiswahili nchini Kenya wanaujua ujumbe wa namna hii. Unafungua WhatsApp jioni na kukuta insha nzima imebandikwa, aya sita au saba, bila salamu na bila neno moja la kukuambia uifanyie nini. Wahariri nao huletewa makala hivyohivyo. Aliyetuma ameshaweka simu chini, ana hakika kwamba umeelewa, kwa sababu yeye amekuwa na kazi hiyo kichwani kutwa nzima. Wengine hunyamaza kwa adabu tu: wanaona haya kumwagiza mwalimu, basi wanamwachia aamue mwenyewe.

Kabla ya kujibu, shuka hadi mwisho wa ujumbe. WhatsApp hukata maandishi marefu na kuficha sehemu iliyobaki hadi mpokeaji abonyeze aendelee kusoma, na mara nyingi ombi limekaa huko chini kabisa, baada ya aya ya mwisho: "Mwalimu, naomba unisaidie na hitimisho." Ukikosa kulifikia utafanya kazi usiyoombwa. Pia subiri kidogo. Watu wengi hubandika kwanza, kisha ndipo huandika wanachotaka, au hurekodi sauti, na maelezo hayo hufika baada ya insha.

Yakikosa kufika, maandishi yenyewe yana alama zake. Yakianza na "Mhariri" na kumalizikia kwa jina na mji wa mwandishi, hiyo ni barua ya gazetini, na shida yake kubwa huenda ikawa urefu. Idadi ya maneno ikiwa imeandikwa kwenye mabano chini ya aya ya mwisho, kuna mtu aliyemwekea mwandishi kikomo. Namba iliyobaki peke yake juu ya aya ya kwanza, tuseme 2, ni mabaki ya karatasi ya mtihani. Aya mbili zenye ngeli zilizonyooka kabisa zikifuatwa na aya tatu zilizojaa makosa, pengine kazi imetoka mikononi mwa watu wawili. Lakini hizo ni dalili tu. Zinakusaidia kuuliza vizuri, hazikupi ruhusa ya kuanza kusahihisha.

Nitaeleza kwa insha moja niliyotumiwa na msichana wa kidato cha nne. Ilihusu mifuko ya plastiki, na katika aya ya pili kulikuwa na sentensi hii: "Mifuko za plastiki zilipigwa marufuku mwaka wa 2018 na mazingira sasa ni safi kabisa."

Mtu aliyeombwa kusoma prufu atagusa upatanisho wa ngeli na kuishia hapo: mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku. Mhariri wa gazeti atasimama kwenye mwaka, kwa maana marufuku ya Kenya ilianza kutekelezwa tarehe 28 Agosti 2017, na kosa kama hilo likichapishwa litalazimu gazeti liombe radhi. Mwalimu anayefundisha kujenga hoja hatahangaika sana na ngeli wala tarehe kwa siku hiyo. Atauliza: usafi huo umeuona wapi? Mto upi, soko lipi, mtaro upi ambao zamani ulikuwa ukiziba? Sentensi ni moja, na wasomaji hawa watatu wote wako sahihi, ila kila mmoja ataandika kitu tofauti pembeni. Ukimpa msichana huyu marekebisho ya aina zote tatu kwa pamoja, katika insha nzima, atapokea ukurasa uliojaa wino na hatajua aanzie wapi. Nimeona wanafunzi wakirekebisha makosa ya tahajia yote, kwa kuwa ndiyo mepesi, na kuiacha hoja ilivyokuwa.

Halafu kuna jambo zito kuliko ombi lililokosekana, nalo ni swali lenyewe. Katika mtihani wa KCSE, karatasi ya kwanza ya Kiswahili ni ya insha. Mtahiniwa huandika insha mbili, ya kwanza ikiwa ya lazima na ya pili akichagua mwenyewe, na kila moja ina alama 20. Mtahini hupima maudhui, msamiati, mtindo na matumizi ya lugha, lakini kabla ya hayo yote hutazama kama mwanafunzi amejibu alichoulizwa. Aliyepotoka kimaudhui hushushwa hadi kiwango cha chini kabisa, hata kama Kiswahili chake kinateleza kama maji. Ndiyo maana insha iliyobandikwa peke yake haiwezi kutuzwa alama kwa haki. Chukua insha ya methali: kisa kinaweza kusisimua toka mwanzo hadi mwisho, lakini ikiwa kimeonyesha upande mmoja tu wa methali na kuacha wa pili, kimepungukiwa. Msomaji asiyeijua methali iliyotolewa hawezi kuliona pengo hilo. Ataona kisa kizuri, atasifu, na mwanafunzi ataamini ameiva.

Jibu ninaloliona linafaa ni fupi. Lioneshe kwamba umesoma, liseme unavyodhani, kisha liulize jambo moja au mawili. Msichana yule nilimwandikia hivi: "Nimeisoma yote. Naona ni insha ya mtihani kuhusu marufuku ya mifuko ya plastiki. Nitumie swali lilivyoandikwa. Kisha niambie, unataka nitazame lugha au hoja?" Sikumwekea orodha ya mambo manane ya kuchagua, maana mtu aliyeshindwa kusema anachotaka hasaidiwi na orodha ndefu. Dhana moja, hata ikiwa si sahihi, humrahisishia: ataikubali au ataikanusha, na akiikanusha atataja anachokitaka.

Je, asipojibu, na unajua kazi inatakiwa kesho asubuhi? Hapo andika maoni yako kando na uiache insha kama ilivyo. Maoni mtu anaweza kuyapuuza. Insha iliyoandikwa upya na mwalimu haiwezi tena kuwa ya mwanafunzi, na kama ilikuwa kazi ya kutuzwa alama, mwalimu amemtia mtoto katika udanganyifu ambao hakuuomba. Hili nalisisitiza kwa wazazi na kaka wakubwa pia, kwa sababu ndio huchukua simu kwa nia njema na "kunyoosha" aya baada ya aya hadi sauti ya mtoto inapotea. Maoni mawili au matatu yanatosha, yakianza na lile ambalo lingebadilisha insha zaidi.

Yule msichana alijibu usiku huohuo. "Mwalimu, swali lilisema niandike hotuba nitakayowatolea wanafunzi wenzangu kuhusu utunzaji wa mazingira."

Alichokuwa ameandika ni insha ya maelezo. Hakuwa amewatambua walimu wala wanafunzi kwa vyeo na heshima zao, hakuwa amemsemesha yeyote, na mwishoni hakuwashukuru waliomsikiliza. Ningekuwa nimeanza na ngeli, ningemrudishia maelezo safi mahali palipohitaji hotuba. Badala yake nilimwomba asome aya yake ya pili kwa sauti, kana kwamba amesimama mbele ya wenzake gwarideni, kisha aandike upya yale ambayo mtu hawezi kuyatamka mbele ya watu.

Rasimu ya pili aliituma baada ya wikendi. Juu aliweka swali, chini yake insha, na katikati mstari mmoja: "Naomba uangalie kama inasikika kama hotuba." Ilisikika. Mwaka alikuwa amesahihisha mwenyewe, na badala ya mazingira safi kabisa alikuwa ametaja mtaro ulio nyuma ya jikoni la shule yao. Ngeli bado zilikuwa na matatizo, basi safari hiyo nikashughulika na ngeli.