Mshale wa Hofu na Tamaa Unapima Nini Hasa?

Katikati ya Juni 2022 mpwa wangu, anayeuza vifaa vya simu Kariakoo, alinionyesha kioo cha simu yake. Kulikuwa na nusu duara yenye rangi, nyekundu kushoto na kijani kulia, na mshale umelala kabisa upande wa kushoto. Juu yaliandikwa maneno Fear & Greed Index, chini yake Extreme Fear, yaani hofu iliyopita kiasi, na namba yenyewe haikufika 10.

"Mjomba," akasema, "watu wote wameogopa. Si ndiyo wakati wa kununua?"

Siku zile Bitcoin moja ilikuwa dola 20,000 na ushee, baada ya kushuka kutoka karibu 69,000 mwezi Novemba uliotangulia. Swali lake halikuwa la kijinga. Wawekezaji wakubwa wamekuwa wakisema kwa miaka mingi kwamba ununue wengine wanapokimbia na uuze wanapogombania, na huu mshale unaonekana kama chombo cha kukuonyesha saa hiyo imefika. Nilimwomba asubiri kidogo tuangalie kwanza umetengenezwa na nini.

Mshale wa Bitcoin unaoonekana zaidi kwenye simu zetu unatolewa kila siku na tovuti ya Alternative.me, tangu 2018. Unaanzia 0, hofu tupu, hadi 100, tamaa tupu. Robo ya alama inatokana na jinsi bei inavyoyumba na ilivyoporomoka, ikilinganishwa na wastani wa siku 30 na siku 90 zilizopita. Robo nyingine ni kasi ya soko na wingi wa biashara, nayo ikilinganishwa na wastani wa siku hizo hizo. Asilimia 15 ni mazungumzo ya mitandao ya kijamii. Asilimia 10 ni ukubwa wa Bitcoin ukilinganishwa na sarafu nyingine za kidijitali, na 10 nyingine ni yale ambayo watu wanayatafuta Google. Asilimia 15 zilizobaki zilitengewa kura za maoni, ambazo wenyewe walizisimamisha.

Nusu ya mshale, basi, ni bei na mauzo moja kwa moja. Na hata ile nusu nyingine haijitegemei sana, maana watu huanza kupiga kelele mtandaoni na kutafuta habari bei ikishaanguka. Aliyeona bei imeporomoka wiki nzima kisha akaona mshale uko kwenye 8, ameambiwa habari ileile mara mbili.

Jambo la maana zaidi limejificha kwenye yale maneno "ikilinganishwa na siku 30 na 90". Mtu akihamia nyumba iliyo kando ya barabara kuu, usiku wa kwanza kila honi inamwamsha. Mwezi wa pili malori yanapita naye analala fofofo. Kelele haikupungua, ni yeye aliyeizoea. Mshale nao ndivyo ulivyo: unapima mshtuko, yaani leo imetofautiana kiasi gani na jana na juzi. Kina cha shimo haukioni.

Ushahidi ulikuja miezi mitano baadaye. Novemba 2022 soko la sarafu la FTX lilifilisika, na wateja wake wengi wakashindwa kutoa fedha zao. Bitcoin ikashuka chini ya dola 16,000, bei mbaya kuliko ile ya Juni. Mshale ulikuwa wapi? Ulikuwa ukichezacheza karibu na 20. Bei ilikuwa chini zaidi na waliopoteza walikuwa wengi zaidi, lakini "hofu" ilisomeka kuwa ndogo kuliko Juni, kwa kuwa soko lilikuwa limeshazoea kupigwa. Mtu aliyesubiri mshale urudi chini ya 10 ndipo anunue, aliipita bei ya chini kuliko zote za mwaka ule.

Mshale huu wa sarafu uliigwa kutoka kwa kaka yake, ule wa CNN, unaopima soko la hisa la Marekani. Huo una sehemu saba zenye uzito sawa. Mojawapo inatazama kama kampuni 500 kubwa za fahirisi ya S&P 500 ziko juu au chini ya wastani wao wa siku 125. Nyingine zinahesabu hisa zinazofikia kilele chao cha mwaka dhidi ya zile zilizo shimoni, zinatazama kama watu wanakimbilia hatifungani za serikali, na riba ya ziada wanayoidai ili kuzikopesha kampuni dhaifu. Huu ni mpana kuliko ule wa Bitcoin, maana unachungulia pia soko la mikopo. Lakini siku ya taharuki sehemu zote saba huinama pamoja, kwa hiyo usizihesabu kama mashahidi saba. Ni kama majirani saba waliosikia habari kwa mtu mmoja.

Kati ya hizo saba, VIX ndiyo inayostahili kuelezwa peke yake, kwa sababu ndiyo pekee yenye maana unayoweza kuikokotoa mwenyewe. Inatokana na bei ya mikataba inayomlinda au kumnufaisha mwekezaji soko likiyumba; ichukulie kama bei ya bima. Watu wakiogopa, kila mmoja anataka bima na bei yake inapanda. Chukua namba ya VIX, igawanye kwa 3.46, ambayo ni kipeuo cha pili cha miezi 12, upate asilimia ambayo soko linatarajiwa kupanda au kushuka ndani ya mwezi mmoja, takribani miezi miwili katika kila mitatu. VIX ikiwa 20, ni kama asilimia 6 kwenda upande wowote. Machi 16, 2020, korona ilipofunga dunia, VIX ilifunga siku kwenye 82.69. Igawanye: karibu asilimia 24. Walionunua bima siku ile walilipia uwezekano wa soko kupoteza au kupata robo ya thamani yake kwa mwezi. Angalia kwamba namba hiyo haisemi ni upande gani. Na kama bima yoyote ile, muuzaji anajiwekea chake, kwa hiyo mara nyingi VIX huwa kubwa kidogo kuliko mtikisiko unaokuja kutokea kweli.

Tukae hapohapo mwaka 2020, maana ndio mtihani mzuri wa kanuni ya mpwa wangu. Ijumaa ya Februari 28 soko la Marekani lilimaliza wiki yake mbaya kuliko zote tangu 2008. S&P 500 ilifunga kwenye 2,954. Mshale wa CNN ulikuwa umeshazama chini ya 25, kwenye eneo la hofu kali. Tuseme mtu aliweka shilingi milioni moja jioni ile. Machi 23 fahirisi ilikuwa 2,237, naye amebaki na kama shilingi 757,000. Mshale ulikuwa umesema kweli kwamba watu wameogopa. Haukumwambia kwamba wana sababu ya kuogopa zaidi. Kabla Mei haijaisha fedha yake ilikuwa imerudi yote. Kwa hiyo alipatia au alikosea? Inategemea kama fedha ile ilikuwa ya kukaa au ilikuwa ya ada ya shule ya Aprili. Mshale haujui tofauti hiyo, na ndiyo tofauti kubwa kuliko zote.

Upande wa tamaa mshale ni dhaifu zaidi. Hofu huja kwa kishindo na kupita. Tamaa inaweza kukaa miezi. Mapema Novemba 2020 mshale wa Bitcoin uliingia kwenye tamaa kali, bei ikiwa dola 15,000 na kitu. Aliyeuza kwa kuutii aliitazama bei ikipanda mpaka zaidi ya 64,000 katikati ya Aprili 2021.

Kipo kipimo cha aina nyingine: kuwauliza watu wenyewe. Chama cha wawekezaji binafsi wa Marekani, AAII, tangu 1987 kinawauliza wanachama wake kila wiki kama soko litapanda, litashuka au litabaki palepale miezi sita ijayo. Machi 5, 2009, asilimia 70 walisema litashuka. Siku nne baadaye soko liligusa chini na kuanza kupanda. Kisa hiki kinapendwa sana na wanaoamini vipimo vya hisia. Kisichosimuliwa sana ni cha Aprili 14, 2022, walipobaki asilimia 15.8 tu waliotarajia kupanda, idadi ndogo ambayo haikuwa imeonekana kwa karibu miaka 30. Kufikia Oktoba 12 soko lilikuwa limeshuka asilimia 19 zaidi.

Kwa nini mara moja lilipanda na mara nyingine likashuka? Chama hichohicho kila mwezi huwauliza wanachama fedha zao ziko wapi. Machi 2009 walikuwa wamebakiza karibu asilimia 41 tu kwenye hisa: waliogopa na wakauza. Aprili 2022 walikuwa bado na zaidi ya asilimia 60: waliogopa mdomoni, mikononi walikuwa hawajauza. Na soko likishuka bado kuna watu wengi wenye cha kuuza, lina nafasi ya kushuka tena. Mimi hiki ndicho ninachokiamini kuliko mshale wowote. Nikisoma kwamba watu wana hofu, natafuta kwanza kama wameshauza.

Mpwa wangu nilimwambia hivyo, na kwamba mshale wake haukuwa umemwambia chochote zaidi ya bei aliyokwisha kuiona. Alinunua nusu ya alichokusudia, kwa fedha ambayo haikuwa ya mtaji wa duka. Novemba ilipofika alikuwa amepoteza zaidi ya robo yake, lakini duka lilikuwa wazi na hakulazimika kuuza.

Na kwa wanaonunua hisa Dar es Salaam: soko letu halina mikataba ile ya bima inayozaa VIX, na hisa nyingi zinaweza kupita siku nzima zikiwa na biashara kidogo sana. Ukitumiwa kwenye kundi la simu picha ya mshale wa hofu na tamaa wa soko la DSE, mwulize aliyekutumia umetengenezwa na nini, kila sehemu ina uzito gani, na unalinganishwa na siku ngapi zilizopita. Akishindwa kukujibu hayo matatu, usiweke shilingi yako kwa ajili ya picha hiyo.