52 ya Hisabati, 74 ya Kiswahili: Ipi Kubwa?

Matokeo ya mitihani siku hizi hayasubiri shule ifungwe. Mwalimu anabandika mkeka kwenye ubao wa matangazo, mzazi mmoja anaupiga picha, na kabla ya magharibi picha imeshafika kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Kila mmoja anaikuza kwa vidole, anautafuta mstari wa mwanawe, na hukumu inatoka hapohapo: Kiswahili 74, safi sana, Hisabati 52, huyu hesabu zimemshinda.

Hukumu hiyo imetolewa mapema mno. Anayetaka kujua mtoto yuko vizuri zaidi katika somo lipi hawezi kuzilinganisha 52 na 74 kama zilivyo. Alama moja ya Hisabati na alama moja ya Kiswahili ni kama shilingi ya Kenya na shilingi ya Tanzania: zote huitwa shilingi, lakini hakuna anayeziweka kwenye mizani moja kabla ya kuzibadilisha. Kiwango cha kubadilishia kimo kwenye picha ileile, katika mistari ya watoto wengine ambayo mzazi aliiruka.

Tuchukue darasa la Kidato cha Pili lenye wanafunzi 20. Alama zake nimezitunga ili msomaji aweze kuzifuata kwa kalamu. Binti tunayemfuatilia ni namba 14 kwenye orodha. Hizi hapa alama za darasa zima, zikiwa zimepangwa kuanzia ya chini:

Hisabati: 12, 15, 18, 20, 22, 24, 25, 27, 28, 30, 32, 34, 36, 38, 42, 46, 52, 58, 73, 88.

Kiswahili: 50, 54, 56, 58, 60, 61, 62, 63, 64, 66, 67, 68, 69, 70, 71, 73, 74, 76, 78, 80.

Kwanza, picha isomwe sawasawa

Kabla ya hesabu yoyote, alama zinakiliwa kutoka kwenye picha, na hapa ndipo makosa mengi huzaliwa. Kivuli cha mpigapicha kikikaa juu ya safu, 8 husomeka 3, 7 husomeka 1, na 6 husomeka 0. Karatasi ikipigwa kwa pembeni, jicho huteleza mstari mmoja na kumpa mtoto alama za jirani yake. Ni vizuri kunakili namba za wanafunzi tu na kuyaacha majina, kwa kuwa matokeo ya watoto wa wenzako si yako kuyasambaza.

Kinga iliyo rahisi ni wastani ulioandikwa chini ya mkeka. Tuseme mkeka unaonyesha wastani wa Hisabati ni 36, lakini ukijumlisha alama ulizonakili unapata 670, na ukigawanya kwa 20 unapata 33.5. Pengo ni 2.5. Lizidishe kwa wanafunzi 20, unapata 50: kuna alama 50 zimepotea mahali fulani. Kosa la 50 kamili lina mtuhumiwa wake, yaani tarakimu ya makumi iliyosomwa 3 badala ya 8. Ukirudi kwenye picha unakuta ile uliyoandika 38 ni 88. Ukiirekebisha, jumla inakuwa 720 na wastani unarudi 36.

Mtego mwingine ni mtoto ambaye hakufanya mtihani. Nafasi iliyo wazi, au iliyoandikwa X, si sifuri. Ukimwandikia 0 unaushusha wastani wa darasa zima bila sababu. Mwondoe kabisa, na ugawanye kwa idadi ya waliofanya.

Umbali kutoka wastani

Wastani wa Hisabati ni 36, na binti amepata 52, yaani amezidi kwa alama 16. Wastani wa Kiswahili ni 66, naye amepata 74, yaani amezidi kwa alama 8. Tukiishia hapo tutasema Hisabati imempendelea maradufu. Lakini tazama tena orodha mbili. Za Kiswahili zimebanana kati ya 50 na 80, ilhali za Hisabati zimetawanyika kutoka 12 hadi 88. Kuzidi kwa alama 8 katika kundi lililobanana kunakupitisha mbele ya watu wengi. Katika kundi lililotawanyika, alama 8 hazikupeleki mbali.

Mtawanyiko huo hupimwa kwa mkengeuko sanifu. Chukua umbali wa kila mwanafunzi kutoka wastani, uzidishe kwa wenyewe ili hasi zipotee, jumlisha zote, gawanya kwa idadi ya wanafunzi, kisha tafuta kipeuo cha pili. Kwa Hisabati jumla ya hizo zidisho ni 7,212. Ukigawanya kwa 20 unapata 360.6, na kipeuo chake ni karibu 19. Kwa Kiswahili jumla ni 1,262. Ukigawanya unapata 63.1, na kipeuo chake ni karibu 7.9. Maana yake ni kwamba katika Hisabati mwanafunzi kusimama alama 19 mbali na wastani ni jambo la kawaida, wakati katika Kiswahili kawaida hiyo haifiki hata 8.

Sasa gawanya umbali wa binti kwa mkengeuko wa somo husika. Hisabati: 16 kwa 19 ni 0.84. Kiswahili: 8 kwa 7.9 ni 1.01. Namba hizi huitwa alama z. Sifuri ni aliye kwenye wastani kamili, hasi ni aliye chini yake, chanya ni aliye juu. Wazazi wengi wameshakutana nazo bila kuzijua, kwani viwango vya ukuaji wa watoto vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006 hupima kwa z: mtoto ambaye uzito wake kwa urefu uko chini ya hasi 3 huhesabiwa kuwa na utapiamlo mkali.

Mwenye simu au kompyuta yenye Excel hahitaji kuhangaika na vipeuo. Alama za Hisabati zikiwa safu ya B kuanzia mstari wa pili, namba 14 atakuwa mstari wa 15:

```
=(B15-AVERAGE(B2:B21))/STDEV.P(B2:B21)
=(COUNTIF(B2:B21,"<"&B15)+0.5*COUNTIF(B2:B21,B15))/COUNT(B2:B21)
```

Mstari wa kwanza unatoa z. Wa pili unatoa kipimo tunachokiendea sasa.

Kuhesabu vichwa

Pasentaili haijali umbali, huhesabu vichwa. Ni wangapi kati ya mia wako chini yako? Kanuni inayotumika sana ni kuhesabu waliopata chini ya mwanafunzi, kuongeza nusu ya waliopata sawa naye akiwemo yeye mwenyewe, kisha kugawanya kwa idadi ya wote. Katika Hisabati, 16 wako chini ya 52, na hakuna mwingine mwenye 52. Kwa hiyo ni 16.5 kwa 20, yaani pasentaili ya 82.5. Katika Kiswahili, walio chini ya 74 ni 16 vilevile. Pasentaili ni 82.5 tena.

Zile alama 22 zilizotenganisha 52 na 74 zimeyeyuka zote. Binti ni wa nne kati ya 20 katika kila somo.

Isichanganywe pasentaili na asilimia. 52 kwa mia ni sehemu ya mtihani aliyoipata. Pasentaili ya 82.5 ni sehemu ya darasa aliyoiacha nyuma.

Vipimo viwili vinapopishana

Msomaji makini ameshaona tatizo. Pasentaili zinasema masomo yote mawili ni sawa. Z zinasema Kiswahili kiko mbele kidogo, 1.01 dhidi ya 0.84. Yupi asadikiwe?

Jibu liko kwenye mkia wa orodha ya Hisabati. Wanafunzi wengi wako kati ya 12 na 46, kisha wanatokea wawili wenye 73 na 88. Hao wawili wanauvuta wastani juu, na kwa kuwa umbali huzidishwa kwa wenyewe, wanaufurisha mkengeuko kuliko wengine wote. Yule wa 88 peke yake amechangia 2,704 katika ile jumla ya 7,212, zaidi ya theluthi.

Tujaribu kumtoa. Tuseme siku ya Hisabati aliugua. Waliobaki ni 19, wastani unashuka hadi 33.3, mkengeuko unashuka hadi 15.2, na z ya binti inapanda kutoka 0.84 hadi 1.24. Hakuongeza hata alama moja, lakini sasa Hisabati imekipita Kiswahili. Pasentaili nayo imesogea, ila kwa hatua ndogo: kutoka 82.5 hadi karibu 87. Ndiyo maana kosa la kusoma 88 kuwa 38 si dogo. Lingempa binti z ya 1.25, ingawa mstari wake mwenyewe ulinakiliwa bila kosa.

Kwa darasa dogo lenye mkia mrefu upande mmoja, basi, pasentaili ndiyo ya kutegemea, nayo isisomwe kwa uchoyo wa desimali. Kati ya wanafunzi 20, nafasi moja ni pasentaili 5, na nafasi moja hubadilishwa na swali moja tu. Wala usichukue z ukaipeleka kwenye majedwali ya takwimu ili kupata pasentaili, kwa sababu majedwali hayo huchukulia kwamba alama zimejipanga kwa umbo la kengele, wengi katikati na wachache sawasawa pande zote mbili. Hisabati yetu haina umbo hilo.

Sharti jingine ni kwamba masomo yawe yamefanywa na kundi lilelile. Wanafunzi wakishachagua michepuo, wanaofanya Fizikia si darasa lote tena. Mara nyingi ni wale waliokuwa wanaiweza. Mtoto aliye katikati ya kundi hilo atapata z ya sifuri, na sifuri hiyo si sawa na sifuri ya Kiswahili ambacho wote wamekifanya.

Tena, hakuna kati ya vipimo hivi kinachobadilisha daraja. Kwa viwango vya Baraza la Mitihani la Tanzania, 74 ni B na 52 ni C, na cheti kitasoma hivyo. Kuwa wa nne darasani hakumaanishi kwamba binti amezielewa hesabu alizokosa.

Lakini mzazi wa namba 14 sasa anajua kwamba mwanawe hajaachwa na wenzake katika Hisabati. Akirudi kwenye orodha atawahesabu 9 kati ya 20 waliopata chini ya 30, ambako ni F, wakati katika Kiswahili hakuna aliyeshuka chini ya 50. Pengine mtihani ulikuwa mgumu, pengine mada hazikumalizika. Kikao cha wazazi kikifika, hilo ndilo la kumuuliza mwalimu.