Akaunti Inapogoma Ugenini

Mama mmoja wa Unguja amekwenda Maskati kumtembelea mwanawe. Simu yake ya zamani ameiacha nyumbani kwa binti yake, na laini ya Tanzania imo humo humo. Huko Ruwi ananunua simu ya mitumba ambayo kila kitu ndani yake ni Kiarabu. Anaandika anwani yake ya Gmail, kisha nenosiri analolijua kama jina lake. Badala ya barua zake, inamtokea skrini yenye picha ya simu, namba 47 kwa maandishi makubwa, na mistari kadhaa asiyoielewa hata mmoja.

Mfano huu ni wa kutunga, lakini hali yenyewe inawakuta wengi. Kosa linalofuata nalo limezoeleka: mtu anadhani akaunti imefungwa, anarudi nyuma, anabonyeza palipoandikwa kwamba amesahau nenosiri, na kuanza kulibadilisha. Hapo ndipo anapojitafutia tabu. Nenosiri lake halikuwa na kasoro. Google ilichokiona ni nenosiri sahihi likitokea kwenye simu isiyoijua, katika nchi ambayo akaunti haijawahi kufunguliwa. Mwizi aliyepata nenosiri la mtu naye huonekana hivyo hivyo. Kwa hiyo imesita, ikauliza swali. Swali likijibiwa, mlango unafunguka. Anayekwenda kwenye njia ya waliosahau nenosiri akiwa na simu mpya, katika nchi mpya, hujikuta akiulizwa maswali magumu zaidi, huku alama zote za kumtambua zikiwa zimebaki Unguja.

Asiyeijua lugha ya skrini atajuaje ameulizwa au amefungiwa? Aangalie juu, kwenye mstari wa anwani wa kivinjari. Maandishi ya ukurasa hubadilika kufuata lugha, lakini anwani haitafsiriwi. Kwanza ahakikishe kwamba inaanza na `accounts.google.com` na kwamba baada ya hapo kuna mkwaju. Ikiwa baada ya `.com` kuna nukta na jina jingine, huo ni ukurasa wa matapeli, afunge. Kisha atafute neno moja ndani ya anwani hiyo ndefu. Akiona `challenge`, anaulizwa tu, na akaunti ni nzima. Akiona `recovery`, tayari ameingia kwenye njia ya waliosahau. `rejected` maana yake ni kwamba jaribio hili limekataliwa, na kuendelea kujaribu papo hapo hakumsaidii. `disabled` ni habari nyingine kabisa: Google yenyewe imeisimamisha akaunti, na kubadilisha nenosiri hakuwezi kuirudisha. Njia ya hapo ni kukata rufaa kupitia ukurasa huo huo.

Kama skrini ilitokea ndani ya mipangilio ya simu, mstari wa anwani huenda usionekane. Aghairi, afungue Chrome, aanzie huko.

Akiwa kwenye kivinjari, lugha nayo hubadilika kwa urahisi. Chini ya ukurasa wa kuingilia kuna jina la lugha inayotumika, na kando yake kijishale. Kwenye ukurasa wa Kiarabu mambo yote yamepinduliwa, kwa hiyo kilichozoeleka kuwa kushoto hutafutwa kulia. Akikibonyeza hupata orodha ambamo kila lugha imeandikwa kwa jina lake yenyewe, na Kiswahili kimo. Njia nyingine ni kuanza upya kwa anwani hii, ambayo mwisho wake ndio unaoomba Kiswahili:

```
https://accounts.google.com/ServiceLogin?hl=sw
```

Hatua hiyo haigusi akaunti kwa lolote. Hata hivyo, si kila skrini itamfuata kwa Kiswahili, kwa sababu ujumbe unaotokea kwenye simu nyingine hufuata lugha ya simu hiyo.

Turudi kwenye ile 47. Namba hiyo si ya kuandikwa popote Maskati. Wakati huo huo, simu ya zamani kule Unguja imepata ujumbe unaouliza kama kuna mtu anayejaribu kuingia, na baada ya kukubali huonyesha namba tatu. Kazi ya binti ni kuchagua 47. Mama ampigie simu kwanza, amwambie, “Mwanangu, ni mimi ninayeingia, chagua arobaini na saba.” Binti aliyeshtukizwa na ujumbe huo bila kuelezwa hufanya sawa kabisa akijibu kwamba si yeye. Shida ni kwamba jibu hilo huzuia jaribio la mama.

Mambo yakiwa kinyume, yaani ujumbe wa aina hiyo ukija kwenye simu ya Kiarabu, asibonyeze kwa mazoea ya upande. Vitufe vimebadilishana nafasi. Asome mwanzo wa kitufe: kinachoanza na نعم ni cha kukubali, kinachoanza na لا ni cha kukataa. Aliyepita chuoni akasoma msahafu hawezi kushindwa na hayo mawili. Na kama hakuna mtu wa kwao aliyekuwa anaingia wakati huo, jibu ni kukataa tu, hata ujumbe ukirudi mara nyingi.

Pengine simu ya zamani imezimika. Kwenye ukurasa wa swali huwa kuna chaguo la kujaribu njia nyingine, na hapo ndipo pa kwenda. Namba yenye nukta au nyota nyingi na tarakimu chache zinazosomeka mwishoni ni laini itakayopelekewa ujumbe. Ikiwa laini hiyo iko Unguja, binti aiweke kwenye simu yoyote, asome tarakimu 6 zinazokuja, azitaje kwa sauti. Zisitumwe kwenye kundi la familia la WhatsApp, na asipewe fundi wa dukani anayejitolea kusaidia. Google haishirikiani na fundi yeyote wa kurudisha akaunti, na anayezipata tarakimu hizo anaweza kuingia kabla ya mwenyewe.

Njia zote zikigonga mwamba, ushauri wa Google ni kujaribu kutoka kwenye kifaa, kivinjari na mahali palipozoeleka. Kwa mama huyu maana yake ni kwamba kompyuta ya nyumbani Unguja, aliyokuwa akisomea barua, ina nafasi kubwa kuliko simu mpya ya Maskati. Binti akae hapo, wazungumze kwa simu, wafungue `g.co/recover` na kujibu kila swali wanaloweza. Nenosiri la zamani linalokumbukwa nusunusu ni bora kuliko kuruka swali. Kujaribu mfululizo husababisha mfumo kumtaka mtu asubiri, wakati mwingine saa, wakati mwingine siku, na kusubiri huko hakuna njia ya mkato.

Anayejiandaa kusafiri anaweza kuepuka yote haya kwa karatasi moja. Akiwasha uthibitishaji wa hatua mbili kwenye ukurasa wa usalama wa akaunti yake, Google humpa namba 10 za akiba, kila moja ina tarakimu 8 na hutumika mara moja tu, bila laini wala simu ya zamani. Azichapishe, azikunje, aziweke pamoja na pasipoti. Zikipotea, akitoa seti mpya, za zamani hazifanyi kazi tena.