Mistari Mingi Mno: Westani Bloti na Seramu za Watu wa Pwani

Mji wa Bagamoyo, ulioko kiasi cha kilometa 70 kaskazini mwa Dar es Salaam, una tawi la Taasisi ya Afya ya Ifakara ambako chanjo za malaria zimekuwa zikijaribiwa kwa miaka mingi. Watoto wachanga wa Bagamoyo walishiriki katika jaribio la chanjo ya RTS,S ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008, na baadaye mji huo ukawa miongoni mwa vituo vya jaribio la chanjo ya R21. Chanjo zote mbili zimeundwa kwa kutumia sehemu ya protini moja tu ya kimelea, ile inayolifunika ganda la sporozoiti, yaani kimelea cha malaria kama kinavyotoka katika mate ya mbu.

Katika utafiti wa namna hii huzuka swali lililo jepesi kwa maneno lakini gumu kwa vitendo: je, kingamwili zilizomo katika seramu ya mtu huyu zinaitambua kweli protini ile, au zinatambua kitu kingine kilichochanganyika nayo? Vipimo vya kawaida vya kingamwili hutoa tarakimu tu, na tarakimu haisemi kingamwili imenasa nini. Mbinu iitwayo westani bloti huonyesha jambo hilo kwa macho. Ilibuniwa mwaka 1979, na mojawapo ya maabara zilizoitoa kwanza ni ile ya Basel, Uswisi, walikofanya kazi Towbin, Staehelin na Gordon. Jina lenyewe lina mzaha ndani yake. Mwaka 1975 mwanasayansi Edwin Southern alibuni mbinu ya kuhamisha vipande vya DNA, ikaitwa kwa jina lake, ambalo kwa Kiingereza lina maana ya “kusini”. Basi mwaka 1981 Burnette, aliyekuwa pwani ya magharibi ya Marekani, akaiita ile ya protini “ya magharibi”.

Kazi yenyewe huenda kwa hatua zifuatazo. Protini huchemshwa kwa dakika chache pamoja na sabuni kali iitwayo sodiamu dodesili salfeti, ambayo huzinyoosha na kuzipa zote chaji hasi. Kisha hutiwa katika vijishimo vya jeli na umeme hupitishwa; protini ndogo hukimbia mbele na kubwa hubaki nyuma. Jeli hiyo hulazwa juu ya utando wa naitroselulosi, na umeme hupitishwa tena ili protini zihame kutoka katika jeli na kunasa juu ya utando. Hapo sehemu zote za utando zilizobaki wazi huzibwa kwa protini isiyohusika, aghalabu maziwa ya unga yasiyo na mafuta. Utando huoshwa, huwekwa katika seramu iliyozimuliwa, huoshwa tena, kisha hutiwa kingamwili ya pili, ambayo kazi yake ni kushika kingamwili ya binadamu. Hii ya pili imefungwa kwa kimeng'enya kiitwacho peroksidesi. Mwishowe hutiwa dawa ya rangi, na pale kimeng'enya kilipo hutokea mstari wa kahawia.

Kila anayetumia mbinu hii hufikwa na mojawapo ya misiba mitatu: utando wote kuwa na giza, mstari kuwa hafifu au kutoonekana kabisa, au mistari kuwa mingi kuliko ilivyotarajiwa. Vitabu vya mwongozo huandikwa zaidi kwa watu wanaotumia kingamwili safi za panya au sungura. Atumiaye seramu ya binadamu, hasa ya mtu mzima aliyekulia pwani, ana matatizo yake ya pekee, kwa sababu seramu hiyo ni kumbukumbu ya kila kitu ambacho mwili wa mtu huyo umekutana nacho.

Chukulia kwamba fundi wa maabara anayo protini ya ganda la sporozoiti iliyotengenezwa ndani ya bakteria wa E. koli, nayo haijasafishwa sana. Anaipitisha katika jeli, anaihamisha, anaziba kwa maziwa ya asilimia 5, kisha anatia seramu ya mkazi wa Bagamoyo, sehemu 1 katika sehemu 200. Utando unatoka na rangi ya kahawia kila mahali, na juu ya kahawia hiyo mistari zaidi ya kumi. Mahali alipotarajia kuona protini yake, kwenye kilodaltoni 43 hivi, hapana kitu.

Jambo la kwanza si kubadilisha dawa. Yampasa kurudia jeli, safari hii akiweka njia mbili zinazojirudia: moja yenye bakteria waliotengeneza protini, na nyingine yenye bakteria wale wale wasio na jeni ya kimelea. Utando ukatwe vipande vinne, kila kimoja kikiwa na njia zote mbili. Kipande cha kwanza kitiwe dawa ya rangi peke yake. Cha pili kitiwe kingamwili ya pili bila seramu. Cha tatu kitiwe seramu ya mtu ambaye hajapata kuishi penye malaria, na cha nne seramu ya Bagamoyo. Vipande hivi vinne humwambia mengi kuliko kubahatisha kwa mwezi mzima.

Tuseme kipande cha kwanza na cha pili vinatoka vyeupe. Basi kimeng'enya na kingamwili ya pili hazina hatia. Giza limeletwa na seramu yenyewe. Sababu moja ambayo wengi huisahau ni maziwa. Binadamu anayekunywa maziwa ya ng'ombe huweza kuwa na kingamwili dhidi ya protini za maziwa hayo. Mtafiti anapoziba utando wote kwa maziwa, kisha akatia seramu ya mtu wa namna hiyo, huwa ameutandaza utando mzima kwa shabaha ya kingamwili hizo. Hata akiongeza maziwa ili kupunguza giza, giza litazidi.

Kuna njia rahisi ya kulithibitisha hilo. Matone madogo ya maziwa, ya albumini ya ng'ombe na ya jelatini ya samaki yawekwe juu ya kipande kikavu cha utando. Kipande kizibwe kwa maji ya chumvi yenye Twini-20 peke yake, kisha kitiwe seramu na kingamwili ya pili. Tone litakalogeuka kahawia ni la kitu kisichofaa kuziba utando kwa seramu hiyo. Mara nyingi jelatini ya samaki huwa salama zaidi, ingawa haina budi kujaribiwa kwa kila kundi la seramu. Tena maziwa yana kasoro nyingine katika pwani yetu: mwongozo ukisema “acha usiku kucha katika joto la chumba”, chumba kinachokusudiwa ni cha nchi ya baridi, chenye nyuzi 20 hivi. Katika chumba cha Bagamoyo kisicho na kipoza hewa maziwa hayo yataganda kabla ya asubuhi na kuacha madoa. Kazi ya usiku ifanyike ndani ya jokofu, kwa nyuzi 4.

Giza likishaondoka, mistari inabaki. Hapa kipande cha tatu ndicho chenye jibu. Ikiwa seramu ya mtu asiyejua malaria nayo inaonyesha mistari ile ile, na ikiwa mistari hiyo imo katika njia ya bakteria wasio na jeni ya kimelea, basi hiyo si malaria. Ni kingamwili dhidi ya E. koli, bakteria wanaoishi katika utumbo wa kila mmoja wetu. Dawa yake ni kuinywesha seramu: mchuzi wa bakteria waliopasuliwa, wasio na jeni ya kimelea, huchanganywa na seramu iliyokwisha kuzimuliwa, huachwa usiku mmoja katika ubaridi, kisha huzungushwa kwa mashine ili mashapo yatuame, na maji ya juu ndiyo yatumiwe. Kingamwili za bakteria hushikwa huko huko kabla ya kufika kwenye utando.

Baada ya kufanya hivyo fundi wetu anaona mistari mitatu tu, yote katika njia yenye protini ya kimelea na hakuna hata mmoja katika njia ya pili. Mkubwa uko karibu na kilodaltoni 60, na miwili iko chini yake. Asiifute. Protini hii ina sehemu ya katikati inayorudia asidi amino nne zile zile mara nyingi, na sehemu hiyo huifanya iende polepole katika jeli kuliko uzito wake halisi. Ndiyo maana hakuiona kwenye 43. Miwili ya chini huenda ni vipande vya protini hiyo hiyo vilivyokatwa na vimeng'enya vya bakteria. Akiwapasua bakteria katika barafu na kuwachemsha mara moja, mistari ya chini ikififia na wa juu ukikolea, shaka imekwisha. Hata katika sporozoiti halisi protini hii huonekana kwa ukubwa wa namna mbili, kwa kuwa kimelea chenyewe hukata ncha yake moja kinapoingia katika ini.

Upande wa mstari hafifu, kosa hutafutwa kutoka mwanzo wa safari. Mara baada ya kuhamisha protini, utando upakwe rangi nyekundu ya Ponso, ambayo huonyesha protini zote na huoshwa kwa maji. Pasipo wekundu wowote, huenda utando uliwekwa upande wa waya hasi na protini zikapotelea majini. Penye miviringo myeupe palikuwa na mapovu ya hewa. Wekundu ukiwapo, ajaribu kimeng'enya: tone dogo la kingamwili ya pili litiwe katika dawa ya rangi ndani ya kijichupa. Lisipogeuka kahawia upesi, kimeng'enya kimekufa, ama kwa umeme kukatika na jokofu kupata joto, ama kwa sodiamu azaidi, sumu itiwayo katika seramu na bafa ili zisioze. Azaidi huizuia peroksidesi kufanya kazi. Isitiwe kamwe katika bafa ya kingamwili ya pili wala ya kuoshea.

Lakini yawezekana yote hayo yakawa sawa na mstari usionekane, hasa protini inapokuwa nyingine. Protini ya ganda la sporozoiti hustahimili kuchemshwa kwa sababu kingamwili nyingi hushika ile sehemu inayojirudia, ambayo haitegemei umbo. Sivyo ilivyo kwa AMA1, protini ya kimelea kinachoingia katika chembe nyekundu za damu. Hiyo imekunjwa na kushonwa kwa vifungo vya salfa, na kingamwili nyingi za watu wa pwani hushika umbo hilo. Merkaptoethanoli iliyomo katika bafa ya kuchemshia huvikata vifungo hivyo, na umbo likipotea kingamwili hazina cha kushika. Tone la protini isiyochemshwa liwekwe juu ya utando na kutiwa seramu ile ile. Tone likikolea na mstari usionekane, jeli irudiwe bila merkaptoethanoli na bila kuchemsha, na seramu ya siku ya kwanza ya mtoto, iliyotolewa kabla hajachanjwa na isiyoweza kutolewa mara ya pili, iachwe katika barafu yake mpaka mstari wa seramu ya mtu mzima uonekane.